Picha moja ya mashine ya kukimbilia: itambeba nani?

Watu hunitumia picha ya mashine inayouzwa, wakiambatanisha swali fupi: "Fundi, hii inabeba kilo ngapi?" Kutambua aina yake ni kazi ya sekunde chache. Ikiwa mbele kuna kifuniko kilichotuna, chini yake kuna mota, basi ni ya umeme. Ikiwa hakuna kifuniko, mkanda umelala kwa mwinuko usiobadilika na kiooneshi ni kidogo kama saa ya mezani, ni ya kusukuma kwa miguu. Ile bapa isiyo na mikono au yenye mkono mmoja wa kukunjwa ni ya kutembelea, hata muuzaji akiandika kuwa inakimbiza.

Uzito ndio wenye kazi. Jina lililoandikwa ubavuni halisaidii sana, kwa sababu kiwanda kimoja hutengeneza mashine ileile na kila muagizaji akaibandika jina lake. Utaikuta picha moja mtandaoni ikiwa na majina manne na uwezo wa kilo tofauti kila mahali. Kwa hiyo naangalia chuma chenyewe.

Chukua mfano wa dada mmoja wa Dar es Salaam aliyetaka kumnunulia mumewe, mwenye kilo 104. Tangazo lilisema mota ni ya HP 3, yaani nguvu za farasi tatu, na inabeba kilo 150. Picha ilipigwa sebuleni, na bahati nzuri sakafu ilikuwa ya vigae. Alivipima vya kwake nyumbani vinavyofanana, vikawa vya sentimita 60. Mkanda ulichukua kama theluthi mbili ya kigae, yaani sentimita 40 hivi, na urefu wake haukufika vigae viwili. Ukipima namna hii, tumia kigae kilicho sambamba na sehemu unayoipima, si kile kilicho karibu na kamera. Tena kumbuka mkanda umeinuka kutoka sakafuni, kwa hiyo kwenye picha huonekana mpana kidogo kuliko ulivyo. Kipimo halisi huwa chini ya ulichopata.

Mkanda wa sentimita 40 haupimi kilo moja kwa moja, ila unasema mashine ilikusudiwa nani. Mashine za kubeba watu wazito kwa kawaida huwa na mkanda unaokaribia sentimita 50 au zaidi, ubao mnene chini yake na rola nene. Mtu hukanyaga kwa upana wa nyonga zake, na mwenye mwili mkubwa kwenye mkanda mwembamba hujikuta akikanyaga fremu. Hapo tayari nikaanza kuitilia shaka ile 150.

Nikamwambia aombe picha tatu zaidi: kibandiko kilichopo karibu na swichi au pale waya unapoingilia, kibandiko cha mota baada ya kufungua kifuniko, na plagi. Muuzaji mwenye mashine nzuri hufungua kifuniko bila shida, ni skrubu chache tu. Zingatia kuchomoa umeme kwanza na kuacha dakika kadhaa, maana kapasita za bodi hubaki na chaji.

Kibandiko cha fremu kilionesha herufi HC na kilo 110. H ni daraja la matumizi ya nyumbani katika viwango vya ISO 20957, wakati S ni la jimu. Herufi ya pili, A, B au C, inahusu usahihi wa vipimo vinavyooneshwa, C ikiwa ya chini kabisa. Haihusu uimara, ingawa wauzaji wengine huitumia kama sifa.

Cha mota kilisema 180 V na 5 A. Zidisha: wati 900 zinazoingia. Gawanya kwa 746, ambazo ni wati za HP moja, unapata 1.2. Sehemu yake hupotea kama joto, kwa hiyo inayofika kwenye mkanda ni kama HP 1. Ile 3 ya tangazo ni nguvu ya kilele, inayopatikana kwa kitambo kifupi tu. Hata soketi yetu ya ukutani yenye fyuzi ya 13 A kwa 230 V hutoa wati 2,990, kama HP 4. Ukiona mashine ya nyumbani inayojitangaza HP 6, jiulize umeme huo unapita wapi.

Tatizo la mtu mzito kwenye mota ndogo huonekana zaidi anapotembea polepole kuliko anapokimbia, jambo linalowashangaza wengi. Kwa mwendo wa chini mota ya aina hii hudaiwa nguvu ya kusukuma kila mguu unapotua, ikivuta ampea nyingi huku feni yake ikizunguka taratibu. Bodi inapata joto, mkanda unasita kidogo kila hatua, mwishowe mashine inajizima. Ndiyo maana naomba pia video ya mtu akitembea kwa kilomita 2 au 3 kwa saa, simu ikiwa karibu na mkanda. Mkanda ukisita anapokanyaga mtu wa kilo 70, na mkanda umepakwa silikoni vizuri, wa kilo 104 asisogee.

Mimi hupunguza asilimia 20 kwenye namba ya kibandiko kwa mtu wa kutembea kila siku, na zaidi kwa anayekimbia, kwani hatua ya kukimbia hutua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kilo 110 zikabaki 88. Nikamshauri aiache.

Ya pili aliyonitumia ilikuwa pana, ina uzito mkubwa kiasi cha kubebwa na watu wanne, na kibandiko cha kilo 150. Ila plagi ilikuwa na pini moja iliyolala, nyingine ikisimama. Hiyo ilikuwa plagi ya Marekani ya 20 A kwa volti 120. Ingehitaji transfoma ya wati 3,000 na kuendelea, nayo ina bei yake na mngurumo wake. Aliinunua, baada ya kukata bei ya transfoma kwenye ya mashine.

Kwa baiskeli ya mazoezi, ile inayokunjwa fremu yake kama herufi X mara nyingi ni ya kilo 100 hadi 110. Angalia nguzo ya kiti: ikiwa imevutwa hadi karibu na mwisho ili mtu mrefu akae, uwezo huo haupo tena. Yenye gurudumu zito wazi mbele huvumilia zaidi, hasa ikiwa mtu atasimama kwenye pedali.

Dambeli hazimwangushi mtu, lakini picha hudanganya. Sahani nene za plastiki zenye mshono pembeni zimejazwa saruji au mchanga. Chuma cha uzito uleule ni chembamba karibu mara tatu. Soma pia kama 20 iliyochongwa ni KG au LB, kwa sababu LB 20 ni kilo 9 tu. Na kama seti inauzwa pamoja na benchi, kilo zilizoandikwa kwenye benchi kwa kawaida ni za mtu na vyuma vyake kwa pamoja: wa kilo 80 akishika dambeli mbili za 20 tayari ni 120.