Siku 30 za CMA: dhana zinazowaponza walioachishwa kazi

Tanzania Bara, mfanyakazi wa sekta binafsi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki hupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wengi huiita CMA. Mashauri mengi hufia mlangoni kabla mtu hajaulizwa kama alionewa au la, kwa sababu yamefika yamechelewa na maelezo ya kuchelewa hayajitoshelezi. Dhana zinazofuata ndizo zinazowaangusha watu mara nyingi.

Dhana: "Nina siku 60 za kulalamika."

Siku 60 zipo, lakini si za kila dai. Kanuni ya 10 ya Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, inatoa siku 30 kwa mgogoro unaohusu uhalali wa kuachishwa kazi. Migogoro mingine, kama mshahara uliocheleweshwa au malipo ya likizo, ndiyo yenye siku 60. Kosa linalojirudia ni la mtu kufika siku ya 45 na fomu moja, CMA F.1, akidai mishahara ya nyuma na pia kupinga kuachishwa kazi. Dai la mishahara linaweza kuwa ndani ya muda wakati lile la kuachishwa, ambalo kwa kawaida ndilo kubwa, limeshapitwa kwa siku 15.

Siku zenyewe ni za kalenda, wikiendi zikiwemo. Siku ya kwanza haihesabiwi, ya mwisho inahesabiwa, na ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, unasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

Dhana: "Bado tunazungumza na mwajiri, kwa hiyo muda haujaanza."

Mazungumzo hayasimamishi saa. Barua ya kumwomba meneja akufikirie upya haisimamishi, wala malalamiko kwa afisa kazi, wala ahadi ya simu kwamba "njoo mwisho wa mwezi tumalizane". Kuna jambo moja tu la kuangalia kwa makini. Kanuni inahesabu siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kushikilia uamuzi huo. Ukikata rufaa ya ndani kwa utaratibu wa nidhamu wa kampuni na rufaa ikakataliwa, tarehe ya barua ya kukataliwa ndiyo ya kuanzia. Itunze barua hiyo pamoja na sahihi ya kupokelewa. Barua ya kubembeleza uliyoiandika nje ya utaratibu huo haihesabiwi kuwa rufaa.

Dhana: "Mwajiri akikubali tuendelee, muda si tatizo."

Muda unagusa mamlaka ya Tume kusikiliza shauri, na mamlaka hayo hayatokani na makubaliano ya wahusika. Mwajiri anaweza kunyamaza kwenye usuluhishi, kisha wakili wake akaibua pingamizi kwenye hatua ya uamuzi, au hata Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Miezi ya kuhudhuria inafutika siku hiyo. Ukijua umechelewa, hata kwa siku moja, ambatisha maombi ya kuongezewa muda siku ileile unayopeleka fomu. Kanuni ya 11 inataka hivyo.

Dhana: "Nikisema niliumwa, wataelewa."

Hapa ndipo penye kazi halisi. Msuluhishi hatapima ukubwa wa ugonjwa wako. Atahesabu siku. Mahakama ya Rufani imeshasema kwamba kuchelewa hata siku moja lazima kutolewe maelezo, na katika shauri la Lyamuya, Ombi la Madai Na. 2 la 2010, iliweka vipimo ambavyo vinatajwa hadi leo: mwombaji aeleze kipindi chote cha kuchelewa, kuchelewa kusiwe kwa kupita kiasi, na aonyeshe bidii, si uzembe.

Chukua mfano huu. Mtu amekabidhiwa barua ya kuachishwa Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025. Siku ya kwanza ni tarehe 6 Mei na siku ya 30 ni Jumatano, tarehe 4 Juni. Amefungua shauri tarehe 25 Juni, yaani amechelewa siku 21. Alilazwa tarehe 28 Mei, akaruhusiwa tarehe 12 Juni, na daktari akamwandikia mapumziko hadi tarehe 17. Wengi wangeishia hapo. Lakini cheti kinafunika siku 13 tu za kuchelewa, kuanzia tarehe 5 hadi 17 Juni. Siku nane zimebaki wazi, na hizo ndizo zinazomwangusha.

Hati ya kiapo inayoambatana na maombi ya kuongezewa muda, ikiwa imekamilika, inazifunga moja moja:

"Kwamba, tarehe 18 Juni 2025 nilikwenda hospitali kuomba taarifa ya matibabu, nikakabidhiwa tarehe 20 Juni. Nakala yake ni kielelezo A. Kwamba, tarehe 21 na 22 Juni zilikuwa Jumamosi na Jumapili. Kwamba, tarehe 23 Juni nilijaza fomu na kuapa mbele ya Kamishna wa Viapo. Tarehe 24 nilimkabidhi mwajiri nakala. Na tarehe 25 ninawasilisha maombi haya."

Utaona hakuna neno la kulia wala sifa za mwombaji. Ni tarehe, tendo na ushahidi. Msuluhishi anaweza bado kuuliza kwa nini tarehe 6 hadi 27 Mei, ulipokuwa mzima, hukufungua shauri. Weka aya fupi kuhusu hilo pia, ya kweli, hata kama ni kwamba ulikuwa unasubiri jibu la barua uliyomwandikia meneja. Na kama mkeo ndiye aliyefuatilia karatasi hospitalini, usiape kwa niaba yake. Ambatisha kiapo chake mwenyewe, maana yale aliyokusimulia si ushahidi wako.

Kuna maelezo yasiyosaidia. "Sikujua sheria" karibu kila mara hukataliwa. "Wakili wangu alizembea" nayo ni dhaifu, isipokuwa uonyeshe ulivyokuwa ukimfuatilia. Kinyume chake, muda uliopotea kwa sababu ulifungua mapema shauri lililoondolewa kwa kasoro ya kiufundi huonekana kwa jicho jingine, mradi ulirudi haraka baada ya kuondolewa. Ambatisha amri ya kuondolewa, yenye tarehe.

Dhana: "Sababu ya kuchelewa inatosha."

Kanuni ya 11 inataka pia ueleze umechelewa kwa muda gani, una nafasi gani ya kushinda, na upande wa pili utaumia vipi ukiruhusiwa. Watu huviruka viwili hivi vya mwisho. Kwa nafasi ya kushinda, taja kasoro moja au mbili mahususi: hukupewa hati ya mashtaka, au hukuitwa kwenye kikao cha nidhamu. Kusema tu "nilionewa" hakusemi lolote. Kwa madhara, onyesha kwamba jalada lako la utumishi bado lipo na mashahidi wa mwajiri wangali kazini.

Kabla ya kuondoka kaunta ya Tume, kagua vitu vitatu: mhuri wenye tarehe kwenye nakala yako, sahihi ya mwajiri ya kupokea, na sehemu ya fomu inayouliza tarehe mgogoro ulipoanza. Tarehe hiyo ikitofautiana na iliyo kwenye kiapo, wakili wa upande wa pili ataanza na hiyo.