Mama anapodai matunzo kwa mtoto mkubwa

Wazee wengi ninaowasaidia hapa Arua, Uganda, huanza na maneno haya: "Nilimsomesha mpaka chuo." Uchungu wao ni wa haki kabisa. Lakini madai yaliyojengwa juu ya karo ya zamani hayafiki mbali. Kinachosikilizwa ni mzazi anahitaji nini leo, na mtoto ana uwezo gani.

Sheria ya Watoto inampa mtoto njia ya wazi ya kudai matunzo kwa mzazi wake, lakini haimpi mzazi njia hiyo dhidi ya mtoto mkubwa. Kwa hiyo mzazi hutegemea Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya 2010. Hiyo haihusu mume na mke peke yao. Inawagusa hata ndugu wa damu. Tena inahesabu kuwa ni ukatili wa kiuchumi kumnyima mtu riziki anayostahili kwa sheria au kwa mila, au asiyoweza kuishi bila hiyo. Ndiyo maana napenda mzee wa ukoo aje kueleza mila yao inamtaka mtoto afanye nini.

Chukua mama wa miaka 71. Ruzuku ya wazee ya serikali, shilingi 25,000 kwa mwezi, huanzia miaka 80, kwa hiyo haimhusu. Dawa za presha humla 40,000 kwa mwezi, chakula 100,000, maji na sabuni 20,000. Binti yake ananunua chakula. Kijana wake mwenye duka alikuwa akituma 70,000 kila mwezi, kisha akanyamaza. Hapo mama adai 60,000 zilizobaki za dawa, maji na sabuni, si milioni ya hasira. Alete daftari la kliniki, risiti za dawa, na meseji za pesa za simu. Meseji hizo zina nguvu sana: zinaonyesha alikuwa akimtegemea kijana, na mwezi gani msaada ulikatika.

Malalamiko yaanzie mahakama ya baraza la kijiji, LC1. Wakipatana, mapatano yaandikwe: kiasi, tarehe, namba ya simu ya kupokelea, na sahihi za mashahidi. "Nitamwangalia mama" pekee ni maneno ya siku mbili. Kijana akikaidi, mama anaomba amri ya ulinzi kwa hakimu, na kuivunja amri hiyo ni kosa la jinai. Ila kama kijana hana kitu kweli, hakuna amri itakayoleta chakula.

Kijana akifariki bila wosia, mama asikae kimya msibani. Sheria ya Mirathi, ilivyorekebishwa 2022, inawatengea jamaa waliomtegemea marehemu asilimia 4 ya mali pale alipoacha mjane na watoto, na mzazi ni mmoja wao akithibitisha utegemezi. Meseji zilezile zitahitajika, kwa hiyo asizifute.