Pikseli kwa milimita: kwa nini 3 hugeuka 8 kwenye picha ya risiti

Nashika vitabu vya hesabu vya duka moja la hadwea hapa Nairobi, na swali ninaloulizwa sana na mwenye duka ni hili: "Dada, hii ni 3 ama 8?" Jibu halipo machoni mwake. Limo katika idadi ya pikseli, yaani vile vidoa vidogo vinavyounda picha, zilizoangukia kila milimita ya karatasi.

Chukua simu ya megapikseli 12. Picha yake ina pikseli 4000 kwa 3000. Risiti ina urefu wa sentimita 30, lakini aliyeipiga alisimama mbali, meza ikaingia, na upande mrefu wa picha ukabeba sentimita 60. Kila milimita imepata pikseli 6 na kitu. Kisha akaituma WhatsApp kama picha ya kawaida, ikapunguzwa hadi pikseli 1600 hivi. Sasa zimebaki chini ya 3. Tarakimu yenye kimo cha milimita 2 imechorwa kwa pikseli 5 tu. Ule uwazi wa kushoto kwa 3, ambao ni kama nusu milimita, umepewa pikseli moja na kidogo. Weusi wa pembeni unaujaza, na 3 inakuwa 8. Ukivuta picha ili ikue, unakuza ukungu.

Dawa ni kusogea. Piga risiti ndefu vipande viwili vinavyopishana mistari michache, kisha vitume kama faili. Tarakimu ileile sasa inapata pikseli 50 hivi.

Simu iwe sambamba na karatasi. Ukiiinamisha, mistari ya mbali hupata pikseli chache kuliko ya karibu, na jumla ya bei ikiwa upande huo wa mbali, ndiyo itakayoumia.

Mwanga nao una hila yake. Karatasi ya risiti huwa laini, na flashi iliyo kando ya lenzi humulika na kurudi palepale ilikotoka, ikiacha doa jeupe juu ya namba. Izime. Kutoka nje saa sita mchana hakusaidii: Nairobi iko karibu na ikweta, jua liko utosini, na kivuli cha simu yako kinaiangukia karatasi. Mimi huiweka kando ya dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavu.

Bado una shaka? Tumia VAT. Risiti inasomeka Sh 8,480, lakini VAT iliyoandikwa ni Sh 480. Kwa kiwango cha asilimia 16, jumla ya 8,480 ingebeba VAT ya takriban 1,170. Jumla inayozaa 480 ni 3,480, mradi bidhaa zote zinatozwa VAT. Zikiwa mchanganyiko, mwambie aliyeipiga aipige tena, kabla maandishi ya risiti hayajafifia.