Betri ya kaseti haijichaji, hata ukicheza kila siku

Nimeulizwa tena: "Fundi, nikiicheza mara kwa mara si betri itajichaji?" Haijichaji. Ndani ya kaseti ya Pokémon Gold ya Game Boy, iliyotoka Japani mwaka 1999, kuna CR2025, kidonge cha lithiamu cha volti 3 kinachotumika mpaka kiishe, basi. Ukiwasha mashine, SRAM, chipu ya kumbukumbu inayotunza sevu yako, hula umeme wa mashine. Ukizima, mzigo unarudi kwa betri. Kucheza kunaipumzisha tu, na saa unazocheza ni chache mno mbele ya miaka ambayo kaseti imelala kabatini.

Gold ina njaa zaidi kuliko Pokémon Red kwa sababu ina saa ndani yake, inayotembea usiku na mchana. Piga hesabu: betri hiyo hubeba takriban mAh 160, na miaka 10 ni saa 87,600. Ili ifike huko, SRAM na saa kwa pamoja zisizidi takriban mikroampea 1.8. Anayelalamika kwamba betri imekufa "mapema" afanye hesabu hiyo kwanza.

Halafu kuna wenye mita. "Nimepima, inasoma 3, bado nzima." Ndugu yangu, lithiamu hushikilia karibu volti 3 sehemu kubwa ya maisha yake, kisha huporomoka mwishoni. Ukisoma 2.5, kimbia. Ukisoma 3, hujajua kama imebaki miaka mitano au miezi mitano. Mimi nami hapo hubahatisha, ndiyo maana huwa siingoji.

Kabla ya kugusa bisibisi, toa sevu. Natumia kisomaji cha GBxCart RW na programu ya FlashGBX: unapata faili la .sav kwenye kompyuta. Lisome mara mbili ulinganishe. Yakitofautiana, safisha miguu ya kaseti urudie. Kisha fungua kwa bisibisi ya milimita 3.8, ondoa betri ya zamani, lehemu mpya yenye masikio yake ya bati, ukiangalia chanya na hasi. Usiweke moto wa lehemu juu ya betri yenyewe. Na tafadhali, si selotepu! Ikilegea kwa kufumba na kufumbua, sevu imekwenda. Mwisho rudisha .sav, weka saa upya.

Wengine hubadilisha SRAM kwa FRAM, isiyohitaji betri kutunza data. Kwa Red ni sawa, ingawa bado sijaamua kama nafurahia kuing'oa chipu ya asili. Kwa Gold, saa bado itadai betri.

Wenye Pokémon Ruby na Sapphire, tulieni. Ule ujumbe kwamba betri imekauka unahusu saa pekee. Sevu iko kwenye kumbukumbu ya flashi na haitapotea. Kinachosimama ni mambo yanayofuata saa, kama matunda mliyopanda.