Bei ya hatifungani na riba: mmoja akipanda, mwenzake hushuka

"Mjomba, riba ikipanda si ndiyo heri kwa mwenye hatifungani? Mbona wasema bei yake inashuka?"

Nami niliamini hivyo kwa muda mrefu. Nilidhani riba mpya inaingia hata kwenye karatasi ya zamani. Haiingii. Hatifungani ya kawaida ya serikali ni karatasi ya mkopo unaoipa serikali, ahadi iliyofungwa siku ile inapotolewa: kila baada ya miezi 6 unapewa kiasi kile kile, na muda ukiisha unarudishiwa mtaji. Benki Kuu ya Tanzania ikifanya mnada mwingine na riba ikawa kubwa zaidi, ahadi yako haiguswi. Inayobadilika ni bei ambayo mtu mwingine yuko tayari kukupa ukitaka kumwachia ahadi hiyo.

Dhamana za muda mfupi, yaani mikopo ya serikali isiyozidi mwaka, ni nyepesi kuelewa. Hazilipi chochote katikati. Unanunua kwa, tuseme, shilingi 920,000, na baada ya siku 364 unapokea 1,000,000. Hizo 80,000 ndizo faida.

Sasa fikiria umelipa milioni moja huko Makunduchi, ukaahidiwa nazi 100 kila mwaka kwa miaka 10, kisha milioni yako irudi. Mwaka haujapita, jirani anatoa nazi 120 kwa milioni ile ile. Ukitaka kuuza mkataba wako, nani atakupa milioni? Atakuja mnunuzi, lakini atataka umpunguzie, mpaka punguzo limfidie zile nazi 20 anazozikosa kila mwaka.

Tuziweke shilingi mahali pa nazi. Hatifungani yako ya 1,000,000 inalipa asilimia 10, yaani 100,000 kwa mwaka (nahesabu malipo ya mara moja kwa mwaka ili iwe rahisi). Mpya zinalipa asilimia 12. Ukibakiwa na mwaka 1 tu, mnunuzi atapokea 1,100,000 mwishoni. Ili naye apate asilimia 12, atakupa 1,100,000 ÷ 1.12, kiasi cha 982,000. Ikiwa imebaki miaka 10 kamili, atakosa 20,000 mara kumi, na bei inaanguka hadi karibu 887,000. Kwa hiyo wenye karatasi za miaka 20 au 25 ndio wanaotikiswa zaidi.

Riba ikishuka hadi asilimia 8, mambo yanageuka: karatasi ile ile ya miaka 10 inafika kama 1,134,000.

Asiyeuza haguswi na bei hizi. Akisubiri hadi mwisho atalipwa milioni yake yote, ingawa kwa miaka hiyo amekosa riba kubwa ya wengine, na mfumuko wa bei huenda umeimega thamani yake. Anayeumia ni yule wa Chake Chake aliyefunga fedha za ada ya mwanawe kwa miaka 20, kisha akalazimika kuuza mwaka wa tatu. Bei imeshuka, na mnunuzi wa kiasi chake hapatikani siku ile ile anayomtaka.