Kwa nini bamba la faibaglasi hukaza upande mmoja na kulegea upande mwingine

Chukua tabaka moja la faibaglasi ambalo nyuzi zake zote zimelazwa upande mmoja na kugandishwa kwa epoksi. Tuseme asilimia 60 ya ujazo wake ni kioo, na 40 ni epoksi. Ukakamavu wa kioo ni takriban gigapaskali 72, wa epoksi ni 3.5 tu.

Ukilivuta kwa kufuata nyuzi, kioo na epoksi vimeshikana, kwa hiyo lazima virefuke kwa kiasi kilekile. Kila kimoja hubeba mzigo kulingana na ukakamavu wake, na jumla ndiyo kanuni ya michanganyiko, ambapo E1 ni ukakamavu wa kufuata nyuzi, kwa gigapaskali:

```
E1 = 0.6 × 72 + 0.4 × 3.5 = 44.6
```

Epoksi imechangia 1.4 tu. Karibu asilimia 97 ya mzigo umebebwa na kioo.

Sasa livute kwa kukatisha nyuzi. Hapa mzigo hauna njia ya kupita ndani ya kioo peke yake: unatoka kwenye uzi, unavuka epoksi, unaingia uzi unaofuata. Kinacholingana sasa ni mkazo, na kinachojumlishwa ni kurefuka, ambapo E2 ni ukakamavu wa kukatisha nyuzi:

```
1/E2 = 0.6/72 + 0.4/3.5
E2 = 8.2
```

Yaani chini ya moja ya tano ya ule wa kwanza. Tazama hesabu yenyewe: katika kurefuka kote, asilimia 93 imetokea ndani ya epoksi. Hata tukiweka nyuzi zisizonyumbuka kabisa, E2 itafika 8.75 na kuishia hapo, maana epoksi bado iko njiani. Ndiyo sababu anayenunua nyuzi za bei kubwa akitarajia upande wa kukatisha ukaze, hupoteza fedha zake.

Kanuni hii ya pili ina kasoro. Inachukulia kwamba kioo na epoksi vimepangwa kama mabamba yaliyopandana, ilhali nyuzi ni za mviringo na epoksi inazizunguka. Tabaka kama hili likipimwa maabara, E2 mara nyingi huzidi 10. Ya kwanza huaminika zaidi, mradi nyuzi zimenyooka.

Jihadhari pia na vipimo vya uzito. Tukichoma kipande kwenye tanuri hadi epoksi iishe, tunapima kioo kilichobaki, na kwa tabaka letu kitakuwa karibu asilimia 76 ya uzito, kwa kuwa kioo ni kizito mara mbili ya epoksi. Anayeingiza 0.76 badala ya 0.6 atapata E1 ya 55.6, na chombo atakachokiunda kitapinda kuliko alivyokusudia.

Kwa mizigo inayotoka pande mbili, dawa ni kulaza matabaka mengine kwa digrii 90.