Tarehe ya karatasi si tarehe ya tukio

Kuna imani isiyotaka kufa hapa Mombasa: ukishapanga karatasi zako kwa tarehe zilizochapwa juu yake, basi umeshapata mfuatano wa matukio wa kuambatisha kwenye malalamiko ya bima. Hapana jamani. Umepanga faili tu. Msuluhishi anataka kujua nini kilitokea lini, na nani alijulishwa lini.

Tuseme gari limegongwa Changamwe tarehe 14 Machi 2024. Mwenyewe akaripoti polisi jioni ile ile, akapewa namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Abstrakti, ile hati ya polisi inayothibitisha ripoti, akaja kuipata tarehe 22. Akifuata tarehe ya karatasi, ataonekana amekaa siku nane bila kuripoti, na kampuni inayokataa kulipa kwa madai ya "kuchelewa kuripoti" itakuwa imepewa fimbo bure. Abstrakti hiyo moja inabeba matukio mawili, kwa hivyo iandikie mistari miwili: 14 Machi, ajali yaripotiwa, namba ya OB; kisha 22 Machi, abstrakti yatolewa. Yote miwili ielekeze kielelezo K3. Watu huogopa kutaja kielelezo mara mbili, sijui nani aliwakataza.

Sasa barua ya kukataa. Imeandikwa 2 Aprili, ikafika kwa barua pepe 19 Aprili. Mstari wake unakaa 19 Aprili, kwa sababu ndiyo siku mteja aliyojua, na ndani ya mstari huo huo unasema barua yenyewe ina tarehe ya 2. Usiifiche, pengo hilo la siku 17 ni sehemu ya malalamiko. Lakini ukiambatisha barua peke yake, hakuna kinachothibitisha 19. Chapisha na ile barua pepe iliyoileta, ionyeshe mtumaji, siku na saa. Kama ililetwa kwa mkono bila muhuri wala sahihi ya kupokea, andika wazi "kwa maelezo ya mlalamikaji" badala ya kubuni ushahidi.

Safu nne zatosha: namba, tarehe, kilichotokea, kielelezo. Kilichotokea ni sentensi moja isiyo na hasira. "Walinipuuza kikatili" nenda ukaiandike kwenye barua ya malalamiko, hapa andika "Aliuliza hali ya dai, hakujibiwa hadi 19 Aprili." Hata hiyo nusu ya pili ina utata, maana kimya si tukio. Mimi huiweka, ila mara moja tu, si kila wiki.

Picha za WhatsApp zinazosema "Jana" hazina tarehe. Hamisha mazungumzo yote yawe faili, kila ujumbe utoke na siku na saa yake. Na mwezi uandike kwa herufi, kwani 03/04/2024 mmoja atasoma Aprili, mwengine Machi.